Mteja akikwambia "mbona kitenge kina vumbi?" tatizo ni mwanga wako

Mimi nauza vitenge, na wateja wangu wengi wa mkoani huwa nawaonyesha mzigo kwa video, kwa kamera ya laptopu ili mikono ibaki huru. Siku moja mama mmoja wa Mbeya alitaka pisi 12 za bluu ya bahari. Nikakunjua kitenge mbele ya kamera, akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, hicho mbona cheusi? Tena kama kina vumbi." Nikamwambia mama hapana, ni kipya. Hakuniamini, akakata. Mzigo ule akachukua kwa mtu mwingine.

Nilidhani ni bando. Siyo. Ni kile chumba cha nyuma ninapokaa, chenye balbu moja juu ya dari.

Iko hivi. Kamera ya laptopu ina tundu dogo sana, na kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo kuliko punje ya mchele uliovimba. Chumba kikiwa na giza, mwanga unaoingia ni kiduchu, kwa hiyo kamera inafanya mambo mawili yenyewe bila kukuuliza. Kwanza inakuza ile picha kwa nguvu, kama redio ya stesheni ya mbali ukiifungulia sauti mpaka mwisho: maneno yanasikika, ila na ule mchakacho unasikika. Mchakacho wa picha ndiyo zile chenga. Pili, inaacha kila picha ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo badala ya picha 30 kwa sekunde unapata 15 hivi, na kitu kikitembea kinaacha mkia.

Halafu mtandao unamalizia. Video ya simu hubanwa kwa kutuma zaidi kile kilichobadilika. Chenga zinabadilika muda wote, hata kitenge kikitulia, kwa hiyo programu inazidiwa na kufuta nakshi. Mteja anaona mabaka.

Kujua tatizo ni lipi, punga mkono mbele ya kamera. Ukiacha mkia, ni mwanga. Angalia pia sehemu nyeusi ya picha: zikicheza chenga na wewe umetulia, ni mwanga. Ila kama picha ni safi kwako na kwa mteja inaganda, hapo ndiyo ulaumu bando.

Dawa ya kwanza ni bure: geuza meza. Mimi nilikuwa nimekaa dirisha likiwa mgongoni. Kamera ikiona dirisha lile kali inapunguza mwanga wa picha nzima, wewe na kitenge mnakuwa kivuli. Dirisha likae mbele yako, au ubavuni kidogo, nyuma ya laptopu.

Usiku nilichukua taa ya mezani yenye balbu nyeupe ya wati 9, nikaiweka pembeni ya laptopu juu kidogo ya macho. Umbali ndiyo siri. Taa ikiwa mita 2 kutoka kwenye kitenge, ukiisogeza hadi mita 1 kitenge kinapata mwanga karibu mara 4, kwa balbu ile ile. Ikiwa inang'aa vibaya kwenye nta ya kitenge, igeuzie ukuta mweupe ulio karibu, mwanga urudi laini. Na usichanganye balbu ya njano na nyeupe, rangi zitamchanganya mteja (hili limenigharimu zaidi ya mara moja).

Mwanga ukishatosha, ndiyo uguse mipangilio. Ukianza na mipangilio gizani utapata giza tu. Kwenye Zoom zima "Adjust for low light", maana inang'arisha picha pamoja na chenga zake. Kama kompyuta ni ya Windows, pakua OBS Studio, ni ya bure. Ongeza "Video Capture Device", kisha bonyeza "Configure Video". Kwenye "Camera Control" toa alama ya "Auto" kwenye "Exposure" na toa ya "Low Light Compensation", kisha weka Exposure -5. Ikiwa bado nyeupe sana, shuka -6. Kila namba moja ni nusu ya mwanga. Upande wa pili, "PowerLine Frequency" iwe 50 Hz, ndio umeme wetu, la sivyo mistari itapanda na kushuka kwenye picha.

Kwenye baadhi ya laptopu vitufe hivyo vimefifia na havisogei. Usihangaike navyo, meza na taa vinakufikisha mbali. Na kabla hujampigia mteja funga OBS, maana ikibaki imeshika kamera, programu nyingine inaweza kukuonyesha weusi mtupu.