Probox ya 2014: Ipi Kati ya Hizo Mbili?

Muuzaji wa spea wa Kitengela akiandika "Taa ya mbele ya Probox 2014, ya kushoto, safi kabisa", huona amemaliza kazi. Gari ametaja, mwaka ametaja, upande na hali ametaja. Mteja aliyeko Illasit, karibu kilomita 200 kwa njia ya Emali, Kimana na Loitokitok, anatuma pesa kwa M-Pesa na mzigo unapandishwa matatu. Kesho yake fundi anaufungua, anaijaribu taa mahali pake, nayo haikai. Mashimo ya bolti hayakutani na ukingo wa taa haufuati bodi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Taa ni ya Probox ya 2014, na gari ni Probox ya 2014.

Shida ni kwamba mwaka huo Toyota ilitengeneza Probox mbili. Ya kwanza ilitoka Julai 2002 ikakaa sokoni miaka 12 bila mabadiliko makubwa, hata watu wakazoea kwamba spea ya Probox ni spea ya Probox, basi. Kisha Septemba 2014 ikaingia sokoni Japani ile yenye uso mpya. Jina halikubadilika, na kazi yake ilibaki ileile ya kubeba mizigo, lakini sehemu yote ya mbele ilibadilika: taa, bampa, boneti, dashibodi. Gia otomatiki ya hatua nne iliachwa, ikaja gia ya mkanda wanayoiita CVT. Kwa jinsi Kenya inavyokataa gari lililotumika likishapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, magari ya 2014 yaliruhusiwa kuingia nchini hadi mwisho wa 2021. Ndiyo maana Probox mbili zinaweza kupishana hapo barabara ya kwenda mpakani Tarakea, zote logbuku zake zimeandikwa 2014, na taa ya moja isiingie kwa nyingine.

Neno "mwaka" lenyewe lina mtego. Kuna mwezi gari lilipotoka kiwandani, kuna mwezi liliposajiliwa Japani kwa mara ya kwanza, na kuna siku liliposajiliwa Kenya likapewa namba. Gari la uso wa zamani lililoundwa Julai linaweza kukaa kwa muuzaji huko Japani, likasajiliwa Oktoba, wakati dada yake mpya tayari yuko sokoni. Katalogi za vipuri hufuata tarehe ya kiwanda. Wenye magari hufuata logbuku. Mafundi wengi, nimewasikia, hukisia kwa herufi za namba ya usajili: hii ni KCX, hii ni KDA. Herufi hizo zinaeleza gari lilisajiliwa Kenya lini tu. Kuhusu lilivyoundwa hazisemi neno.

Kinachosema ni namba ya chasisi. Gari lililoundwa kwa soko la Japani, ambalo ndilo tunaloletewa hapa kwa wingi, halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayokuwa kwenye magari ya Ulaya. Lina namba fupi yenye sehemu mbili: kifupi cha modeli, kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Probox ya uso wa zamani yenye injini ya 1500 huanza na NCP51. Ya 1300 ni NCP50, na inayovuta magurudumu yote manne ni NCP55. Ya uso mpya ni NCP160 kwa 1500, NCP165 kwa inayovuta manne, na NSP160 kwa 1300. Ukiona tarakimu tatu baada ya herufi, hiyo ni Probox mpya, hata logbuku iseme 2014. Namba hii imo kwenye logbuku na kwenye kibati kilichopigwa ndani ya boneti. Mwaka haumo ndani ya namba yenyewe, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba anausoma humo kwa macho. Ila kwa kazi ya kuchagua taa huhitaji mwaka, unahitaji umbo, na umbo limo.

Hapa ndipo maelezo ya bidhaa yanapopaswa kufikiriwa upya. Kila kipuri kina kitu kinachokifuata ndani ya gari. Taa, bampa, kioo cha pembeni na boneti hufuata bodi. Shokabsoba, bushi na pedi za breki hufuata sehemu ya chini ya gari. Plagi, mkanda wa injini na koili ya kuwashia hufuata injini. Muuzaji akishajua kipuri chake kinafuata nini, anajua pia ataje nini katika tangazo. Kwa mfano, koili ya Toyota yenye namba 90919-02240 ni ya injini ya 1NZ-FE. Injini hiyo imo kwenye Probox NCP51, na imo pia kwenye IST ya 1500, NCP61. Ukiandika "koili ya Probox", umemfukuza mwenye IST ambaye ingemfaa, na umemkaribisha mwenye Probox NSP160 ambaye injini yake ni 1NR-FE, familia tofauti kabisa. Andika injini kwanza, magari baadaye. Kwa taa fanya kinyume: andika umbo na chasisi, injini iache. Taa haina habari kama chini ya boneti kuna 1300 au 1500.

Hata chasisi ina mahali inaposhindwa. Succeed ni ndugu ya Probox, na katika kizazi kile cha kwanza Succeed ya 1500 nayo ilipewa NCP51. Mtu akikutumia kifupi hicho peke yake hujui ni ipi. Kwa pedi za breki huenda usipate taabu, lakini akitaka bampa ya nyuma utapotea: Succeed ya wakati huo ilikuwa na urefu wa milimita 4,300, Probox milimita 4,195, na tofauti hiyo utaikuta nyuma. Kwa hiyo jina la gari na kifupi cha chasisi huandikwa pamoja, hakuna linaloziba nafasi ya jingine.

Upande nao umerudisha mizigo mingi Kitengela. Fundi aliyeinama mbele ya gari akilitazama usoni, kushoto kwake ni kulia kwa gari. Muuzaji aliyeishika taa mkononi ana kushoto kwake yeye. Katalogi huhesabu kwa mtu aliyeketi ndani akitazama mbele. Njia rahisi Kenya na Tanzania, ambako usukani uko kulia, ni kuandika "upande wa dereva" au "upande wa abiria". Maneno hayo hayageuki hata mtu asimame wapi. Wateja wanaovuka kutoka Rombo watayaelewa vilevile.

Halafu kuna namba ya kipuri. Namba za Toyota kwa kawaida zina sehemu mbili za tarakimu tano. Sehemu ya kwanza hueleza ni kitu gani: 04465 ni pedi za breki za mbele, 48510 ni shokabsoba ya mbele kulia, 48520 ni ya kushoto, 81110 ni taa ya mbele kulia, 81150 ni ya kushoto. Sehemu ya pili hueleza ni ya gari lipi. Muuzaji anayeandika "Genuine 48510" na kuacha tarakimu zilizobaki amesema tu kwamba ana shokabsoba ya kulia ya Toyota fulani. Kwa spea iliyotumika namba ya Toyota mara nyingi haipo. Taa za Japani huwa na namba ya kiwanda kilichozitengeneza, Koito au Ichikoh, iliyochapwa kwenye kioo chenyewe. Iandike kama ilivyo, na kistari chake. Mnunuzi akainame mbele ya gari lake asome ile ya taa iliyobaki upande wa pili. Zikilingana, ubishi umekwisha.

Tangazo lile la mwanzo, likiandikwa na mtu anayejua, lingesomeka hivi: "Taa ya mbele, upande wa abiria, ya Toyota Probox uso wa zamani, iliyotengenezwa kati ya Julai 2002 na katikati ya 2014. Chasisi NCP50, NCP51 na NCP55. Haiingii NCP160, NCP165 wala NSP160, hata kama logbuku inasema 2014. Imetumika, imetoka Japani, masikio yote ya bolti ni mazima. Picha ya pili ni soketi ya nyuma, ya tatu ni namba iliyo kwenye kioo. Tuma kifupi cha chasisi kabla ya kulipa." Ni maneno mengi kuliko ya mwanzo, nakubali. Yenye thamani zaidi ni yale ya "haiingii". Wauzaji huyaogopa wakidhani yanafukuza wateja, na kweli yanamfukuza yule ambaye angerudi kesho kudai pesa zake. Yana uzito wa kisheria pia: chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. "Inaingia Probox zote" ni ahadi, na muuzaji ndiye aliyeitoa.

Mnunuzi naye asitume logbuku nzima kwa mtu asiyemjua. Kuchagua kipuri kunahitaji kifupi cha modeli na, kwa vipuri vinavyobadilika kati ya miezi, namba inayokifuata. Jina la mwenye gari na namba ya kitambulisho havihusiki. Picha ya kibati cha ndani ya boneti inatosha, kwani kina pia msimbo wa rangi na wa gia, na msimbo wa gia humwokoa anayeagiza spea za gia bila kujua kama alichonacho ni cha hatua nne au CVT.

Kuna magari ambayo chasisi haitayasaidia. Namba hiyo inaeleza gari lilivyotoka kiwandani, haijui lilivyofanyiwa gereji. Probox za kubeba nyanya na vitunguu huinuliwa, zikawekewa springi nzito na shokabsoba ndefu za gari jingine. Nyingine zimegongwa mbele zikashonewa uso uliokatwa kwenye gari la mwaka tofauti, na nyingine zimebadilishwa injini nzima. Muuzaji hawezi kuyajua hayo akiwa Kitengela, lakini anaweza kuuliza: gari liliwahi kuinuliwa, kugongwa au kubadilishwa injini? Jibu likiwa ndiyo, kifupi cha chasisi kiwekwe kando. Fundi afungue kipuri cha zamani, apime urefu wake kutoka bolti hadi bolti kwa futi, ahesabu pini za soketi, apige picha futi ikiwa juu yake, ndipo hiyo picha itumwe Kitengela.