Fahamu: Kukwangua ugaga chini ya fizi

Ni nini?
Ni kuondoa ugaga ulioganda kwenye mzizi wa jino, ndani ya mfuko unaobaki fizi inapoachana na jino. Hufanywa kwa ganzi.

Mashine au mkono?
Mashine ya mtetemo huenda haraka, na maji yake husuuza mfuko. Chuma cha mkono humwezesha daktari kuhisi mabaki. Matokeo hayatofautiani sana; wengi hutumia vyote viwili.

Kwa nini urudi?
Ili kina cha mfuko kipimwe tena. Fizi huhitaji angalau wiki 4 hadi 6 kupona; kupima mapema huvuruga kidonda. Mfuko wa milimita 6 ukipungua hadi 4 bila kutoa damu, tiba imeshika. Ukibaki 6 na damu ikatoka, huenda ugaga umesalia, hasa mizizi ya gego inapogawanyika, ambako chuma hakifiki vizuri.