Tumbo la 'gesi' lisiloisha, na swali la kumuuliza daktari: mmeacha nini ndani?

Simama kwenye kemisti yoyote Likoni, Changamwe au Kisauni, hutakosa mama anayeulizia dawa ya gesi. Tumbo limefura. Akila vijiko vitatu tu, ameshiba. Sketi ya mwezi jana leo haifungi. Mara nyingi ni gesi kweli, lakini saratani ya ovari nayo huanza hivyo hivyo, ndiyo maana wengi hugundulika wakiwa wamechelewa.

Cha kuangalia ni kalenda. Gesi huja na kwenda kulingana na ulichokula. Dalili za saratani hii ni mpya, na hazikupi likizo. Tumbo kufura, kushiba haraka, maumivu ya chini ya kitovu, kwenda msalani kukojoa kila saa: mojawapo ikitokea zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa kwa mwanamke aliyepita miaka 50, achunguzwe. Na usijipe moyo ati alipimwa mlango wa kizazi akaambiwa yuko sawa. Kipimo kile hakioni ovari.

Mbona haumi mapema? Ovari ni ndogo, karibu saizi ya korosho, na ina nafasi tele ya kufura bila kubana kitu. Halafu seli zake za saratani hudondoka na kuelea kwenye majimaji ya tumboni, kisha zinaota popote zinapotua. Hupenda sana lile pazia la mafuta linalofunika utumbo. Ukichinja mbuzi unaliona.

Tuchukue mama wa mfano, miaka 56, wa Mtongwe. Miezi minne ametibiwa alsa, kisha amiba. Mwishowe altrasaundi inaonyesha uvimbe kwenye ovari na maji tumboni. Kipimo cha damu cha CA-125 kiko juu. Hicho pekee si ushahidi, manake hata faibroidi au TB ya tumbo hukipandisha. Anavuka feri hadi Hospitali Kuu ya Pwani, anapigwa skani, na sasa mazungumzo ni ya upasuaji.

Upasuaji huo una kazi mbili. Ya kwanza ni kujua ugonjwa umefika wapi. Tumbo hupasuliwa kwa mstari mrefu wa wima, si ule mkato mdogo wa chini. Daktari huchota majimaji yapimwe, hukagua tumbo lote, huondoa kizazi, ovari zote mbili, mirija na lile pazia la mafuta, kisha huchukua vipande vya sehemu nyingine. Hatua ya 1 ni ovari au mirija pekee, ya 2 imeenea ndani ya nyonga, ya 3 imepanda tumboni au kwenye tezi za limfu, ya 4 imefika mbali, kama mapafuni. Macho peke yake hudanganya: utafiti wa Marekani wa 1983 uliwapima upya wanawake 100 walioambiwa wako hatua za mwanzo, na 31 wakapatikana wamezidi hapo.

Kazi ya pili ni kupunguza mzigo. Mama wetu yuko hatua ya 3, kwa hivyo kila uvimbe unaoonekana lazima ufuatwe. Mwaka wa 1975, daktari Griffiths wa Boston alifuatilia wagonjwa 102. Walioachiwa mabaki madogo ya chini ya takriban sentimita 1.5 waliishi zaidi. Yaliyobaki yakiwa makubwa, operesheni haikuwasaidia sana. Leo lengo ni kutobakisha chochote kinachoonekana kwa macho.

Sababu ni hii: kemo husafiri kwa damu, na katikati ya uvimbe mkubwa damu haifiki vizuri. Tena seli zikiwa nyingi, ni rahisi kupatikana chache zilizo sugu kwa dawa. Hata ukisafishwa vizuri, kwa wengi wa hatua ya 3 ugonjwa hurudi. Lakini miaka inayopatikana kabla haujarudi ndiyo tofauti yenyewe.

Ikiwa ugonjwa umetapakaa sana au mgonjwa ni dhaifu, huanza na kemo, kwa kawaida raundi 3 za wiki tatu tatu, apasuliwe, kisha amalizie. Si kwamba wamemkatia tamaa.

Mambo huharibika pale uvimbe unapochukuliwa kuwa wa kawaida, unatolewa kupitia tundu dogo, unapasukia ndani, na hakuna aliyekagua kwingine. Kwa hivyo kabla ya kusaini fomu, uliza kama anayepasua ni mtaalamu wa saratani za wanawake. Baada ya hapo omba ripoti ya operesheni, uipige picha kwa simu. Tafuta mstari unaosema kilichobaki ni nini na kina sentimita ngapi. Kama haupo, rudi uuulizie.