Kabla Hujaitangaza Tovuti, Jaza Fomu Yako Mwenyewe

Mwenye nyumba ya wageni Pangani akishalipia tovuti, hamu yake ni kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp siku hiyohiyo. Asubiri. Aanze na fomu ya kuweka nafasi ya chumba, maana fomu huharibika kimyakimya: mgeni anabonyeza "Tuma", skrini inamshukuru, anangoja jibu, kumbe ujumbe haukufika.

Mara nyingi kosa liko kwenye anwani ya mtumaji. Barua inatoka kwenye seva ya tovuti, lakini mahali pa `From` fomu imeandika anwani ya mgeni, tuseme ya Gmail. Mfumo unaopokea unaona seva isiyotambuliwa na Gmail ikijifanya Gmail, hivyo unaitupa barua kwenye taka au unaikataa kabisa. Mwambie fundi aweke anwani ya tovuti yenyewe kwenye `From`, ahakikishe seva imeruhusiwa kutuma kwa jina hilo, kisha anwani ya mgeni aiweke kwenye `Reply-To`. Hapo ukibonyeza kujibu, jibu linamwendea mgeni.

Baada ya hapo jaza fomu kwa simu ya mtu mwingine. Andika jina lenye ritifaa, kama Nyang'oro, kwa sababu zipo fomu zinazolikataa. Andika namba ya simu inayoanza na 07, halafu rudia kwa +255. Wageni huandika vyote viwili. Acha nafasi moja wazi uone kama fomu inakuonyesha ulichosahau bila kufuta uliyokwisha kuandika. Kisha nenda kwenye kikasha cha mapokezi, siyo cha fundi, utafute ujumbe na uujibu. Jibu likimfikia uliyemwazima simu, fomu imepita.

Viungo vifungue vyote kwa bando la simu. Kiungo kinachoanza na `localhost` hufunguka vizuri kwenye kompyuta ya fundi, lakini kwa mteja hakifunguki. Kile cha WhatsApp huandikwa `https://wa.me/255` kikifuatiwa na namba bila sifuri ya mwanzo, wala hakiwekwi alama ya kujumlisha.

Kwa upande wa simu, jaribu angalau Chrome kwenye Android ya bei nafuu na Safari kwenye iPhone. Chrome ya kwenye iPhone haitoshi kuwa jaribio la pili, kwani kwa kawaida hutumia injini ileile ya Safari. Maandishi ya fomu yakiwa chini ya pikseli 16, Safari hukuza ukurasa ghafla mtu anapogusa sehemu ya kuandikia, na kitufe cha kutuma kinaweza kutoka nje ya skrini. Jaribu pia Opera Mini ikiwa imewekwa kubana data kwa kiwango cha juu, kwa sababu kalenda ya kuchagua tarehe inaweza kukataa kufunguka. Ikikataa, fundi aweke sehemu ya kawaida ambayo mgeni ataandika tarehe kwa mkono.