Ada ya Wakili Inaishia Wapi?

Tuseme mama mmoja wa Kilifi ana kesi ya mpaka wa shamba. Wakili anamtajia ada ya shilingi 150,000, naye anatanguliza nusu. Kesi inaamuliwa, mama anashindwa, anataka kukata rufaa. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba rufaa ni kazi nyingine, yenye ada yake.

Mkataba wa maandishi ungemweleza mapema kuwa ada ile ni ya kesi hadi hukumu tu. Ungetenganisha pia ada ya wakili na gharama za kufungua kesi au kumleta mpima ardhi, ambazo kwa kawaida mteja hulipa kando.

Nchini Kenya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Mawakili kinaruhusu makubaliano ya ada, mradi yaandikwe na mteja atie saini. Kifungu cha 46 kinabatilisha makubaliano ya kulipwa endapo tu kesi itashinda.

Mwisho, soma kipengele cha kuachana. Mteja anaweza kumwacha wakili kesi ikiendelea, lakini hulipia kazi iliyokwisha kufanyika. Asipolipa, wakili anaweza kulizuia faili lake.