Suruali ya Shule Inayokua na Mtoto

Mvulana anayeingia kidato cha kwanza akiwa na miaka 13 au 14 yuko katika kipindi ambacho mwili unarefuka kwa kasi asiyoijua tangu alipokuwa mdogo kabisa. Alipokuwa shule ya msingi alikuwa akiongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Sasa anaweza kuongezeka 8, pengine hata 10. Ndiyo maana suruali iliyomkaa vizuri Januari inaweza kuonyesha soksi ifikapo Agosti, na kitambaa chake bado kizima. Tangu Januari 2016 shule za serikali hapa Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini sare ni ya mzazi, na kuinunua mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya miguu kurefuka tu kunauma.

Wengi wetu tunakabili jambo hilo kwa kununua kubwa. "Atakua tu," tunasema, na mtoto anaondoka dukani amevaa suruali ya kaka yake. Kuongeza saizi moja ni sawa. Kuongeza mbili kunamtesa: msamba unashuka karibu na magoti, hatua zinakuwa fupi, na kitambaa cha katikati ya mapaja kinasuguana mpaka kinatoboka. Suruali iliyonunuliwa ili idumu miaka mitatu inachanika kabla hajaifikia.

Kinachofaa kuangaliwa kwanza ni sehemu ambazo fundi hawezi kuzirekebisha baadaye. Kwenye suruali, sehemu hiyo ni kina cha msamba, yaani umbali kutoka kiunoni hadi mahali miguu inapoachana. Urefu wa mguu unaongezeka kwa kufumua pindo, na kiuno kinapanuka kwa kufungua mshono wa nyuma, lakini msamba ukishakatwa mfupi umekatwa. Kwenye shati, ni mabega. Kwa hiyo chagua saizi kwa kuangalia msamba na mabega, vikiwa na nafasi kidogo tu, kisha kiuno na urefu mwachie fundi avipunguze bila kukata. Mwambie waziwazi: usikate, kunja ndani. Usipomwambia atakata, kwa sababu suruali iliyokatwa hushonwa upesi na pindo lake hulala vizuri zaidi.

Tuchukue mvulana wa sentimita 150. Akiongezeka sentimita 8 kwa mwaka, sehemu kubwa ya ongezeko hilo iko kuanzia kiunoni kwenda chini, na suruali inahitaji kurefushwa kama inchi 2. Basi fundi amwachie pindo la inchi 3 na nusu. Mwezi Juni, shule zikifungwa, anateremsha inchi 1. Januari anateremsha nyingine, na bado imebaki inchi 1 na nusu, ambalo ni pindo la kawaida kabisa. Akirefuka zaidi, pindo linafumuliwa lote na ndani yake inaungwa tepe ya kitambaa chepesi, upana wa inchi 2 hivi, ambayo ndiyo inakunjwa badala ya suruali yenyewe. Njia hii inaiokoa inchi ya mwisho, na kwa nje haionekani.

Pindo refu lina sharti moja: mguu wa suruali uwe na upana uleule kwa chini. Suruali iliyobanwa kuelekea kifundoni haikubali pindo la inchi 3 na nusu, kwa kuwa kitambaa kinachokunjwa juu ni chembamba kuliko mahali kinapolazwa, na kinavuta. Sketi iliyopanuka chini ina tatizo la kinyume, kitambaa cha pindo kinazidi na kujikunja. Sketi ya marinda iliyonyooka inalikubali pindo refu vizuri, na kwa kuwa inaishia karibu na goti haihitaji kuteremshwa sana: inchi moja kwa mwaka mara nyingi inatosha.

Kwenye kiuno ndiko watu wanakodanganyika zaidi. Fundi anaweza kukuachia nafasi nzuri kwenye mshono wa nyuma, inchi 1 na nusu kila upande kule juu, ikipungua taratibu kuelekea msambani. Baadaye anatoa inchi moja kila upande, kiuno kinaongezeka inchi 2, na mvulana anayeongezeka chini kidogo ya inchi moja kwa mwaka anavuka miaka miwili. Lakini nafasi hiyo haina maana kama mkanda wa kiunoni ni kipande kimoja kinachozunguka nyuma bila kukatika. Mkanda unatakiwa uwe na mshono wake katikati ya nyuma, nao uwe na nafasi ileile, ili vyote vifunguke pamoja. Nguo nyingi zilizoshonwa tayari hazina mshono huo. Hizo nunua kiuno kikiwa kikubwa kidogo, kisha fundi atie lastiki ndani ya mkanda sehemu ya nyuma, ambayo italegezwa mtoto akinenepa. Usimruhusu apunguze zaidi ya inchi 2 kwenye mshono wa nyuma, maana mifuko ya nyuma itakaribiana na suruali itakaa upande.

Jambo linalowavunja moyo wazazi ni ule mstari unaobaki pindo likishateremshwa. Una sababu mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni mkunjo wenyewe. Sare nyingi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na poliesta ikikandamizwa na pasi ya moto sana inashika mkunjo. Basi tangu siku ya kwanza ukingo wa pindo refu upigwe pasi ya vuguvugu, na fundi alishone kwa mkono au kwa nyuzi ndefu, kwa sababu mshono wa cherehani uliobana unaacha safu ya matundu. Mkunjo uliobaki hulainika ukilowesha kitambaa safi kwa siki iliyochanganywa na maji, ukakilaza juu yake na kupiga pasi. Jaribu kwanza mahali pa ndani, uone kama rangi haihami.

Sababu ya pili ni jua. Suruali inayoanikwa kila siku juani inapauka, lakini kilichofichwa ndani ya pindo hakipauki, na ukiliteremsha unapata utepe wa rangi nyingine kabisa. Hilo halitolewi na siki wala sabuni. Kinga yake ni kuifua na kuianika ikiwa imegeuzwa, ndani iwe nje, na kivulini. Suruali ya pamba tupu ifuliwe mara mbili au tatu kabla fundi hajapima pindo, vinginevyo itaruka yenyewe kabla mtoto hajarefuka.

Ukishonesha, nunua kitambaa kilichozidi kidogo na uchukue vipande vilivyobaki. Ndivyo vitakavyotumika kuunga tepe au kuziba goti. Ukinunua dukani, geuza nguo kabla ya kulipa. Angalia kama pindo limekunjwa angalau inchi 2, kama mshono wa nyuma una kitambaa cha kutosha kushikwa kwa vidole, na kama mkanda una kiungo nyuma. Ikiwa kila kitu ndani kimekatwa hadi kwenye uzi wa ovaloki, nguo hiyo haina akiba, hata ikiwa bei yake ni ndogo. Na kwa fundi pia, usilipe salio kabla hujaigeuza suruali ukaliona pindo kwa macho yako.