Kolaji ya mama kutoka simu hadi karatasi
Mama alipokaribia kutimiza miaka 60, nilipanga picha nne za familia katika programu ya kolaji, nikazizungushia fremu. Kwenye simu zilipendeza. Kwenye karatasi ya sentimita 30, uso wa marehemu baba ulikuwa ukungu. Programu ilikuwa imehifadhi kolaji yenye nukta 1080 tu kila upande. Uchapaji safi huhitaji nukta 300 hivi kwa inchi moja, kwa hiyo 1080 zinatosha sentimita 9 tu. Nilimwomba dada anitumie picha upya kwa WhatsApp kama faili, kwa sababu zikitumwa kama picha hubanwa. Kisha, kabla ya kuhifadhi, nikachagua ubora wa juu, nukta 3000. Safari hii mama alizihesabu hata mvi za baba.